Kuzisogeza picha za zamani ukutani bila kumchosha wala kumzungusha kichwa mtazamaji

Siku tulipomkumbuka babu, mwaka mmoja baada ya mazishi, nilipewa kazi ya kutengeneza video ya picha zake ili ionyeshwe ukumbini baada ya ibada. Nilikusanya picha arobaini, nikaziingiza kwenye programu ya simu, nikabonyeza sehemu inayozipa picha mwendo yenyewe, kila moja sekunde nne. Kwenye simu ilipendeza. Ukutani, kwa projekta, moja ilikuja mbele, iliyofuata ikarudi nyuma, nyingine ikakimbilia kushoto huku ikijikuza. Shangazi yangu alikuwa amekaa mstari wa kwanza. Haikupita dakika moja akafumba macho na kusema, "Mwanangu, hebu zisimamishe kwanza hizo picha, zinanizungusha."

Nikaitengeneza upya kwa ajili ya ndugu wa mkoani. Safari hii niliogopa, nikazipa picha zote mwendo uleule: kusogea mbele kidogo, sekunde sita, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Hakuna aliyeumwa kichwa, lakini ilipofika picha ya kumi watu walikuwa wanapiga soga. Nilikuja kuelewa kwamba kizunguzungu cha kwanza na uchovu wa pili vilitoka mahali pamoja. Mara zote mbili mwendo haukujua chochote kuhusu picha iliyo ndani yake.

Hapa nitaeleza namna ninavyofanya sasa, kwa kutumia video ya tatu niliyoitengeneza kwa picha za babu huyohuyo. Nitatumia maneno matatu: kusogelea, yaani picha inakua polepole, kurudi nyuma, yaani inapungua na kufunua kilicho pembeni, na kutembeza, yaani dirisha la skrini linapita juu ya picha kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kwanza kalamu na karatasi

Kabla ya kufungua programu yoyote, zipange picha mezani na kwa kila moja jiulize maswali mawili: jicho lianzie wapi, na liishie wapi? Andika jibu. Kwa picha ya studio ya babu akiwa kijana niliandika "mabega, kisha macho." Kwa picha ya wafanyakazi wenzake wamejipanga mbele ya karakana niliandika "wenzake, kisha yeye." Kwa picha ya uzeeni, amempakata mjukuu, niliandika "mikono yake, kisha watoto wote waliomzunguka."

Majibu hayo ndiyo mwendo wenyewe. La kwanza ni kusogelea, la pili ni kutembeza, la tatu ni kurudi nyuma. Kurudi nyuma kunafaa tu pale ambapo kuna kitu pembeni ambacho mtazamaji hajakiona na angependa kukijua. Kama pembeni kuna ukuta mtupu, utamwonyesha ukuta.

Zipo picha ambazo utakaa nazo na usipate majibu mawili tofauti. Babu amesimama mlangoni, anatazama kamera, basi. Hiyo iache itulie. Kati ya picha ishirini na nne nilizobakiza, tisa hazisogei kabisa, na ndizo zinazoupa mwendo wa zile nyingine uzito wake. Jicho likipumzika kwenye picha tulivu kwa sekunde tano, mwendo mdogo unaofuata linauona. Kila kitu kikisogea, hakuna mwendo unaoonekana tena, na hapo ndipo watu wanapoanza kuongea.

Picha iwe na nafasi ya kusogea

Video ya kawaida ina upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080. Ukisogelea, dirisha lako linakata sehemu ndogo zaidi ya picha na kuitanua ijaze skrini. Sehemu hiyo ikishuka chini ya pikseli 1920 kwa upana, programu inabuni pikseli ambazo hazipo, na uso unaanza kulainika kama umepakwa mafuta. Kwa hiyo hesabu kabla ya kuskani.

Picha ya studio ya babu ilikuwa ya sentimita 9 kwa 13, imesimama wima. Niliiskani kwa 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi, nikapata upana wa pikseli zipatazo 2126. Nilipokata sehemu ya uso na mabega kwa umbo la skrini, nilikuwa na 2126 kwa 1196. Nikiisogelea kwa asilimia 8, dirisha la mwisho litakuwa 2126 gawanya kwa 1.08, yaani kama 1969. Bado tuko juu ya 1920, kwa hiyo inatosha. Lau ningeiskani kwa 300 dpi ningeanza na nusu ya hizo, na uso ungekuwa umelainika hata kabla ya mwendo kuanza. Picha iliyopigwa kwa simu ikiwa juu ya albamu iliyofunguka hutosha pia, mradi simu iwe sambamba na karatasi na usitumie picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana hiyo imeshapunguzwa.

Picha ya wima inaleta kishawishi kimoja: kujaza pande tupu kwa nakala ya picha hiyohiyo iliyotiwa ukungu. Kwa picha tulivu sina ugomvi nayo sana. Lakini picha ya mbele ikianza kusogea huku nakala ya nyuma imesimama, au inasogea kwa kasi yake, mtazamaji anaona mienendo miwili kwa wakati mmoja, na hicho ni kizunguzungu cha uhakika. Weka pande nyeusi au za kijivu kilichokolea, na picha ibaki tulivu.

Kusogelea: msumari uwe usoni

Hili ndilo jambo ambalo lingeniokoa mapema kama ningelijua. Programu nyingi, ukiziambia zikuze picha, huikuza kutoka katikati ya skrini. Kama uso wa babu uko juu kidogo ya katikati, picha inapokua uso unasukumwa kwenda juu, taratibu, kama unamkimbia mtazamaji. Jicho linalazimika kuufukuza. Ukirudia hivyo picha baada ya picha, macho yanachoka bila mtu kujua sababu.

Fikiria umepigilia msumari kwenye picha, katikati ya macho yake, kisha picha inatanuka kuzunguka msumari huo. Macho yanabaki palepale kwenye skrini. Mabega, kola na pazia la studio ndivyo vinavyosogea kutoka. Mtazamaji haoni picha ikitembea, anahisi tu kwamba anamkaribia mtu.

Kuupata msumari huo kwa programu za simu kama CapCut ni rahisi. Weka alama ya almasi mwanzoni mwa mwendo. Nenda mwisho wake, ikuze picha kwa vidole viwili, kisha isogeze mpaka macho yarudi mahali yalipokuwa mwanzoni. Mimi hubandika kipande kidogo cha karatasi kwenye kioo cha simu penye macho, nikisogeza mpaka yakae tena chini ya karatasi. Kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video kwa kompyuta, sehemu inayoitwa Dynamic Zoom inakupa mstatili wa kijani kwa mwanzo na mwekundu kwa mwisho. Hakikisha macho ya babu yamo kwenye nafasi ileile ndani ya mistatili yote miwili: kama ni theluthi moja kutoka juu kwenye wa kijani, yawe theluthi moja kutoka juu kwenye mwekundu. iMovie nayo ina fremu mbili za namna hiyo, Start na End, chini ya jina Ken Burns, mtengenezaji filamu wa Marekani anayejulikana kwa kuzipitia picha za kihistoria kwa kamera.

Kuhusu kiasi: asilimia 8 kwa sekunde 8 ndiyo ninayoanzia, yaani asilimia moja kwa kila sekunde. Kwenye skrini ya pikseli 1920, ukingo wa picha unasogea kama pikseli 10 kwa sekunde. Nikitaka hisia nzito zaidi, tuseme kwenye picha ya mwisho kabla ya ugonjwa, nafika asilimia 12 kwa muda huohuo. Zaidi ya hapo kwenye ukuta mpana inaanza kuhisika kama kusukumwa. Chini ya nusu asilimia kwa sekunde watu wengi hawaoni kitu, na kama hawaoni, afadhali picha itulie kabisa.

Kutembeza: picha ya karakana

Picha ya wenzake wa kazini ilikuwa sentimita 18 kwa 13, imelala. Watu wamejipanga mstari mmoja, babu wa tatu kutoka kulia. Kwa 600 dpi ilinipa upana wa pikseli zipatazo 4250. Ningeionyesha yote kwa pamoja kila uso ungekuwa mdogo kama punje. Ndiyo maana picha kama hii inastahili kutembezwa.

Kabla ya yote, inyooshe. Kama mstari wa ardhi umeinama hata kidogo, dirisha likitembea kulia watu wataonekana wanapanda au kushuka, na ukumbi mzima utaegemea upande mmoja.

Nilichukua dirisha la theluthi mbili ya upana, kama pikseli 2830. Upande wa kushoto ndio mwanzo, wa kulia ndio mwisho, na kati yake dirisha linasafiri pikseli 1420 za picha. Zikitafsiriwa kwenye skrini ni kama 960, nusu ya upana wake. Niliipa safari hiyo sekunde 10, yaani pikseli 96 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo uso unaoingia kutoka kulia ungehitaji sekunde 20 kuvuka skrini nzima. Hiyo ndiyo kasi ninayoipenda kwa nyuso, kwa sababu mtu anapata muda wa kusema "yule si mzee fulani?" na kumgusa aliye jirani. Wapigapicha wa filamu wana kipimo chao cha zamani kwamba kitu kisivuke skrini chini ya sekunde 7. Kipimo hicho kinazuia picha isikatike-katike machoni, lakini kwa nyuso za watu ni haraka mno.

Usianze kutembea papo hapo. Picha ikae sekunde 2 kwanza ili mtazamaji ajue anatazama nini, itembee sekunde 10, kisha itulie sekunde 3 babu akiwa ndani ya fremu. Jumla sekunde 15. Ukihesabu unaona ni ndefu, lakini ukumbini hiyo ndiyo picha ambayo waliiomba irudiwe.

Na usitembeze na kusogelea kwa pamoja kwenye picha moja mpaka uwe na sababu nzito. Kuzungusha, ile picha kuinama inapokuja, sijawahi kuiona ikimsaidia marehemu wala waliobaki.

Kuanza, kusimama, na viungo

Mwendo unaoanza ghafla kwa kasi kamili na kukoma ghafla unahisika kama gari lenye breki mbovu. Tafuta mpangilio unaofanya mwendo uanze pole, ukolee, kisha upoe. Kwenye Resolve unaitwa Ease In and Out. Kumbuka kwamba ukifanya hivyo, katikati ya safari kasi inapanda hadi kama mara moja na nusu ya wastani, kwa hiyo ile hesabu ya pikseli 96 inafika karibu 150 kwa muda mfupi. Ikikusumbua, ongeza sekunde mbili.

Kiungo kati ya picha na picha ndicho kinachowaumiza watu zaidi. Picha moja inapofifia ndani ya nyingine, kwa sekunde hiyo moja mtazamaji anaona zote mbili. Kama moja inakwenda kushoto na nyingine kulia, au moja inakuja na nyingine inarudi, jicho halina pa kushika. Mwili umekaa kwenye kiti, chombo cha mizani ndani ya sikio kinasema umetulia, na macho yanasema unasogea pande mbili. Ugomvi huo ndio unaoleta kichefuchefu. Kwenye simu haukuonekana kwa sababu kioo cha simu ni kidogo, na kingo za jicho zinaendelea kuona meza na ukuta uliosimama. Mstari wa mbele wa ukumbi, picha inaziba karibu kila kitu.

Kanuni yangu ni kwamba wakati wa kufifia, angalau moja kati ya picha hizo mbili iwe imetulia. Kwa mwendo wa sekunde 8, picha naipa sekunde 11: mwendo unaanza sekunde ya 1.5 na kwisha sekunde ya 9.5, na kufifia kunatokea kwenye utulivu wa pembeni. Wapo wanaoacha picha iendelee kusogea mpaka inapotelea ndani ya nyingine, na inapendeza, mradi inayofuata isisogee bado. Kusogelea kufuatwe na picha tulivu au na kutembeza. Kusogelea kufuatwa na kurudi nyuma mara moja ni bembea, na nimeapa kutoifanya tena.

Picha inapotetemeka

Utafanya yote hayo kisha utazame video na kuona picha inatetemeka kwa miruko midogomidogo, hasa kwenye kusogelea polepole. Sababu yake ni hii. Kwa kasi ya pikseli 10 kwa sekunde, na fremu 25 kwa sekunde, ukingo unatakiwa usogee pikseli 0.4 kila fremu, na karibu na msumari ni pungufu ya hapo. Programu isiyoweza kugawa pikseli inazungusha hesabu: fremu hii sifuri, ijayo moja. Jicho linaona mruko. Kadiri unavyopunguza kasi ndivyo mtetemo unavyoonekana zaidi, ndiyo maana kuipunguza kasi si dawa.

Dawa ni kuifanya picha kuwa kubwa mno kabla ya mwendo, ili mruko wa pikseli moja kwenye picha kubwa uwe robo ya pikseli kwenye skrini. Kwa anayetumia ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za maandishi, picha ya babu iliyokwisha kukatwa kwa umbo la skrini naitengeneza hivi:

```
ffmpeg -i babu.jpg -vf "scale=7680:4320,zoompan=z='1+0.08*(1-cos(PI*on/199))/2':x='0.5*(iw-iw/zoom)':y='0.36*(ih-ih/zoom)':d=200:s=1920x1080:fps=25" -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p babu.mp4
```

Namba 0.08 ni ile asilimia 8. Namba 200 ni fremu, sawa na sekunde 8, na sehemu ya `cos` ndiyo inayoanzisha mwendo pole na kuupoza mwishoni. Msumari ni 0.5 na 0.36: nusu ya upana, na asilimia 36 kutoka juu, penye macho. Badilisha mbili hizo kwa kila picha na uso utabaki mahali pake.

Kuna mtetemo mwingine ambao amri hiyo haiuponyi. Paa la mabati, uzio wa waya, shati la mistari myembamba au kitenge cha nakshi ndogo, vikisogezwa polepole huanza kumeremeta na kucheza kama maji. Mistari hiyo ni myembamba kuliko pikseli za skrini, kwa hiyo kila fremu inaikamata kwa namna tofauti. Kwenye picha yetu ya karakana paa lilicheza hivyo. Nililitia ukungu kidogo sana paa peke yake, kwa programu ya kuhariri picha, na likatulia. Ikishindikana, picha hiyo iingie kwenye kundi la zisizosogea.

Ipime ukutani

Usimkabidhi mtu video ambayo umeitazama kwenye simu au kompyuta tu. Nenda na projekta itakayotumika. Zipo za bei ndogo zenye pikseli 800 kwa 600 tu ndani yake, hata kama zinapokea video kubwa, na huko mwendo mwembamba unaweza kurudisha mtetemo uliokwisha kuuondoa. Kaa umbali sawa na upana wa picha ukutani, ndipo watakapokaa wazee. Tazama mara moja nzima bila kusimamisha. Ukijikuta unashika kiti, andika namba ya picha. Ukijikuta unawaza kitu kingine, andika pia.

Kwa video hii ya tatu ya babu nilimwita shangazi aipime nami siku moja kabla ya kuionyesha. Aliitazama yote, dakika nne. Picha moja tu aliikataa, ya harusi, kwa kuwa nilimsogelea bwana harusi na bibi akabaki nje ya fremu. Nikaigeuza: inaanzia kwenye mikono yao iliyoshikana, inarudi nyuma mpaka wote wawili wako ndani, kisha inakaa sekunde nne.